Mazungumzo 280, Malipo 26

Ndugu zangu wauzaji, na ninyi mnaowaendeshea wauzaji matangazo, asanteni kwa kunipa nafasi. Slaidi sina. Nimekuja na daftari moja na aibu moja, na nitaanza na aibu.

Nilikuwa namwendeshea matangazo dada mmoja anayeuza viatu. Duka hana. Ana simu, stoo na msaidizi mmoja wa kujibu meseji. Matangazo yake ni yale ambayo mtu akibonyeza hapelekwi kwenye tovuti, anafunguliwa WhatsApp moja kwa moja huku meseji ya kwanza imeshaandikwa, kazi yake ni kutuma tu. Baada ya wiki mbili nikampelekea ripoti, kifua mbele: matumizi 280,000, mazungumzo 280, kwa hiyo kila mazungumzo yamegharimu 1,000. (Hela zote leo nazitaja bila jina la sarafu, kila mtu aweke ya kwake.) Akaisoma, akafungua kwenye simu taarifa ya miamala ya namba yake ya malipo, akaniambia: "Kaka, hawa watu 280 nionyeshe humu."

Nilishindwa. Kwenye ripoti yangu hapakuwa na safu hata moja inayogusana na taarifa ile. Upande mmoja kulikuwa na mibonyezo na mazungumzo, upande wa pili kiasi, saa na namba ya muamala, na katikati pametupu. Pale katikati ndipo mauzo yanapofungwa: mtu anauliza saizi, anaomba apunguziwe, anapotea siku nne, anarudi, analipa. Mfumo wa matangazo haukuwepo. Mtandao wa simu uliona hela tu, haukujua imetokea wapi. Leo nataka nizungumzie hicho kipande cha katikati.

Kwanza tuelewane namba tunayoonyeshwa ni nini hasa. Kwenye meneja wa matangazo wa Meta kuna safu inaitwa `Messaging conversations started`. Wengi wanaisoma kama "wateja wapya". Siyo. Inahesabu mtu aliyeanza kukuandikia kupitia tangazo, awe hajawahi kukuandikia kabisa au awe amekaa kimya kwa angalau siku 7. Mteja wako wa mwaka jana, ambaye namba yako anayo kwenye simu, akiliona tangazo na kubonyeza kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, anaingia kwenye hesabu. Aliyetuma ile meseji iliyoandikwa tayari kisha asirudi tena, naye yumo. Namba hiyo haidanganyi, ila inajibu swali ambalo dada yule hakuuliza.

Sasa, daraja la kuunganisha pande mbili ni namba ya oda. Najua mnasema hilo nani asiyelijua. Lakini wengi hutoa namba ya oda mteja akishalipa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu ukifika kwenye malipo umeshasahau mtu aliingia kupitia mlango gani. Namba inatolewa pale mtu anapotuma meseji ya kwanza, na inabeba herufi ya tangazo.

Sisi tulikuwa na matangazo mawili. Tangazo A lilikuwa picha nzuri ya kiatu, bei haipo, maneno ni "tuulize bei". Tangazo B lilikuwa video fupi inayoonyesha kiatu kikivaliwa, bei imeandikwa, saizi zilizopo zimeandikwa. Kila tangazo tuliliwekea meseji yake ya kuanzia. La A lilisema "Habari, naulizia kiatu A", la B likasema "Habari, naulizia kiatu B". Msaidizi akiona meseji imeingia anafungua mstari kwenye jedwali: A-041, B-017, tarehe ya leo. Sekunde kumi, basi.

Kasoro yake ni kwamba mteja anaweza kufuta maneno yale na kuandika yake. Hawa ni wachache, lakini wapo, na wasipewe herufi ya kubahatisha. Waulizwe, au waandikiwe X. Ukianza kukisia, tangazo unalolipenda ndilo litakaloshinda.

Kwa wale waliokwisha kutoka kwenye programu ya kawaida ya WhatsApp Business na kuunganisha namba yao na mfumo kupitia API, yaani njia ya programu mbili kupeana taarifa zenyewe, kuna njia isiyotegemea maneno ya mteja. Meseji ya kwanza inayotoka kwenye tangazo inakuja na kipande hiki ndani yake, nimekifupisha:

```
"referral": {
  "source_type": "ad",
  "source_id": "<namba ya tangazo>",
  "ctwa_clid": "<alama ya mbonyezo>"
}
```

`source_id` ni namba ya tangazo lenyewe, na `ctwa_clid` ni alama ya ule mbonyezo mmoja. Hifadhini vyote viwili siku hiyohiyo, kwa sababu vinakuja na ile meseji ya tangazo. Mtu akifunga simu, akarudi kesho kutwa kwa kutafuta jina lako kwenye orodha yake, meseji ile ya pili haina kitu. Mfumo wako usipokuwa umeandika siku ya kwanza, hakuna mahali pa kwenda kuokota.

Tuje upande wa hela, ambako ndiko nilikochomwa zaidi.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kulinganisha namba za simu: namba iliyochati na namba iliyolipa. Nililijaribu. Baada ya kazi yote tulikuja kujua kwamba oda zilizolipwa kweli zilikuwa 26. Kwa kulinganisha namba za simu peke yake nilizipata 17. Zile 9 zilipotelea wapi? Sita zililipwa kutoka laini nyingine: mume, dada, bosi, au laini ya pili ya mteja mwenyewe, kwa kuwa anachati kwa mtandao huu na hela anaiweka kwenye ule. Tatu zilitoka kwa wakala au zilihamishwa kutoka benki, kwa hiyo jina na namba ya mteja havikuonekana kabisa. Na kuna huduma ambazo kwenye taarifa ya mfanyabiashara huficha baadhi ya tarakimu za namba ya mlipaji, hivyo hata ungetaka kulinganisha unabaki na nyota katikati. Theluthi nzima ya mauzo ingeonekana haikutoka kwenye tangazo, na ningeweza kumshauri dada azime tangazo linalomlisha.

Kwa hiyo namba ya oda lazima ivuke na mteja mpaka kwenye malipo. Kama huduma yako ya malipo ina sehemu ya kumbukumbu namba, mwambie aandike pale B-017. Kama ni wewe unayemtumia ombi la malipo akaweka namba ya siri tu, jaza kumbukumbu hiyo wewe mwenyewe, hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Kama ni lipa namba isiyo na sehemu ya kuandika chochote, basi mteja akurudishie namba ya muamala kwenye chati ileile, na msaidizi aiandike pembeni ya oda. Niliwahi kujaribu ujanja wa kupunguza bei kidogo ili tarakimu za mwisho za kiasi ziwe namba ya oda. Wateja wakawa wanazungusha kiasi na kulipa bei kamili, wakidhani nimekosea. Wema wao ukaniulia mfumo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri: picha ya skrini siyo malipo. Meseji ya uthibitisho iliyosambazwa na mteja siyo malipo. Lebo ya "imelipwa" aliyobandika msaidizi kwenye chati ni neno la msaidizi tu. Malipo ni mstari uliopo kwenye taarifa ya akaunti yako.

Kila usiku, kabla ya kulala, tulipakua taarifa ya miamala ya siku na kuiweka kwenye jedwali la pili, tukaliita Malipo. Safu ya kwanza tarehe, ya pili namba ya muamala, ya tatu kiasi, ya nne namba ya oda, ambayo msaidizi anaijaza. Jedwali la kwanza, la Oda, lina namba ya oda kwenye safu ya A na namba ya muamala aliyoirudisha mteja kwenye safu ya B. Hapo kanuni mbili zinatosha:

```
=SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!D:D,A2)
=COUNTIF(Oda!B:B,Oda!B2)
```

Ya kwanza inaweka mbele ya kila oda jumla ya hela iliyoingia kwa ajili yake. Nimetumia jumla kwa makusudi, kwa sababu watu wanalipa vipandevipande: leo nusu ya kushikilia mzigo, Ijumaa nusu iliyobaki. Ukilinganisha malipo moja kwa oda moja, huyo wa vipande atakuhesabia mara mbili au hatakuhesabia kabisa. Ya pili inahesabu namba ya muamala imeonekana mara ngapi kwenye oda zote. Jibu linatakiwa kuwa 1. Likija 2, muamala mmoja umepewa oda mbili, na huo siyo mchezo mdogo.

Kwenye wiki zile mbili, msaidizi alikuwa amebandika "imelipwa" kwenye oda 29. Taarifa ilionyesha 26. Oda moja ilikuwa picha ya skrini iliyochezewa: tarehe ni ya leo, lakini namba ile ya muamala haikuwepo popote. Oda ya pili hela iliingia kweli, ila mlipaji aliomba muamala urudishwe, na ukarudishwa usiku wakati mzigo umeshatoka. Ya tatu ni ile kanuni ya pili iliyoikamata, namba moja ya muamala imetumwa na watu wawili, kwenye chati mbili tofauti. Hatukuwa tunawinda wezi, tulikuwa tunapima tangazo. Lakini ukipima vizuri haya yanajitokeza yenyewe.

Sasa tuwaangalie A na B. Kila moja tulilitumia 140,000.

Tangazo A lilileta mazungumzo 200, yaani 700 kwa kila moja. Tangazo B lilileta 80, yaani 1,750. Kwa ripoti yangu ya zamani ningelizima B asubuhi hiyohiyo. Lakini oda zilizolipwa za A zilikuwa 10, na za B zilikuwa 16. Kila oda ya A imegharimu 14,000 ya tangazo. Kila oda ya B, 8,750.

Faida ya dada kwenye jozi moja, akishatoa bei ya kununulia, usafirishaji na makato ya muamala, ilikuwa 12,000. Fanyeni hesabu wenyewe. A limerudisha 120,000 kwa kutumia 140,000, hasara 20,000. B limerudisha 192,000, limebakiza 52,000. Na sijagusa muda wa msaidizi. Tukisema kila mazungumzo yanakula dakika sita tu, A limemla saa 20, B saa 8. Ile "tuulize bei" iliwaita watu wa kuuliza bei, na wakaja, wakauliza.

Kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa, na ana haki. Anasema 10 na 16 ni namba ndogo, huenda ni bahati. Kweli kabisa, na mimi sikulizima A siku ile. Kuna kipimo cha haraka ninachokitumia pale ambapo matumizi ya pande mbili ni sawa. Jumlisha mauzo yote mawili, hapa 26. Tafuta kipeuo cha pili chake, karibu 5. Tofauti ya mauzo ikizidi mara mbili ya hiyo, yaani 10, naanza kuiamini. Yetu ilikuwa 6. Hapo bado. Tuliendelea vipindi viwili zaidi vya wiki mbili kwa matumizi yaleyale. Mwishoni A lilikuwa na oda 31, B 52. Jumla 83, kipeuo chake karibu 9, mara mbili ni 18, na tofauti ilikuwa 21. Hapo ndipo tulipohamisha hela. Muuzaji anayebadilisha tangazo kila baada ya mauzo matatu anafuata upepo.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni tarehe. Oda ihesabiwe kwenye siku mazungumzo yalipoanza, siyo siku hela ilipoingia. Kati ya oda zetu 26, kumi na tano zililipwa siku ileile au kesho yake, sita ndani ya wiki, na tano baada ya siku ya 7, mtu akisubiri mshahara. Ukitazama hela iliyoingia leo na kuigawa kwa matumizi ya leo, unachanganya watu wa leo na watu wa wiki iliyopita. Tangazo jipya litaonekana bovu kila mara katika siku zake za kwanza, na tangazo ulilolizima jana litaonekana linauza bure. Kwetu sisi kipindi kinafungwa siku 14 baada ya mazungumzo yake ya mwisho, ndipo tunatoa hukumu. Mfumo wa matangazo, kwa mpangilio wake wa kawaida, unajipa sifa kwa tukio lililotokea ndani ya siku 7 tangu mtu abonyeze. Wale watano usitegemee kuwakuta huko. Watafute kwenye daftari lako.

Kwa wenye ile API, kuna hatua moja zaidi ambayo inabadilisha tangazo lenyewe, siyo ripoti tu. Ukiliambia tangazo likutafutie mazungumzo, litakutafutia watu wepesi wa kuanza mazungumzo, na wepesi wa kuandika siyo lazima wawe wepesi wa kulipa. Kwa hiyo kila malipo yanapothibitishwa usiku, mnaweza kuyarudisha Meta kama tukio la `Purchase`, likiwa na ile `ctwa_clid` mliyohifadhi siku ya kwanza, kiasi, na sarafu. Rudisheni yale tu yaliyokutwa kwenye taarifa ya miamala. Tungekuwa tunarudisha lebo za msaidizi, yule wa picha ya skrini angehesabiwa mteja bora, na mfumo ungeanza kututafutia wenzake. Na msikawie: tukio lenye umri wa zaidi ya siku 7 halipokelewi.

Lipo jambo ambalo daftari hili halilijibu. Linaeleza mtu aliingia mlango gani. Halielezi kama angekuja hata bila tangazo. Kwenye zile oda 16 za B, nne zilikuwa za watu waliowahi kununua, namba zao tulizikuta kwenye oda za miezi ya nyuma. Tuliziandikia safu ya pembeni, "wa zamani", na tukafanya hesabu mara mbili, pamoja nao na bila wao. Bila wao B lina oda 12, faida 144,000 kwa matumizi ya 140,000. Limeponea chupuchupu. Ukweli wa tangazo B uko mahali fulani kati ya 4,000 na 52,000, na mimi hupenda kumwambia mwenye mali hizo namba mbili zote kuliko kumchagulia moja tamu.

Nimepewa karatasi hapa, swali la mwisho. Anauliza: wateja wangu wengi hulipa mzigo ukifika, mkononi kwa bodaboda, nitawapimaje? Kaka, hao wana mlango uleule wa kuingilia, namba ya oda wanayo. Kinachokosekana ni mstari kwenye taarifa. Mpe bodaboda karatasi yenye namba ya oda, mteja alipe kwenye lipa namba yako akiwa amesimama naye mlangoni, na bodaboda asiondoke mpaka wewe uone hela imeingia kwenye akaunti yako. Mteja aking'ang'ania kutoa taslimu, bodaboda akutumie hela hiyo oda kwa oda, kila moja peke yake, asikusanye za siku nzima akatuma kwa mkupuo jioni. Tulimwachia mmoja akusanye kwa siku tatu, zikaingia mkupuo mmoja wa oda kumi na moja, na mpaka leo kwenye jedwali letu kuna mistari miwili ya hela ambayo haina mwenyewe.